Kwa Nini Julai 1905? Sababu Zinazoelea Katika Majibu ya Maji Maji

Swali ni la kawaida kabisa: "Eleza kwa ufupi sababu za Vita vya Maji Maji." Na jibu la kawaida nalo linajulikana: "Vita vya Maji Maji vilisababishwa na kodi, kazi za kulazimishwa, kunyang'anywa ardhi, ukatili wa Wajerumani, kudharauliwa kwa mila na hamu ya kupata uhuru." Sababu sita ndani ya sentensi moja, hakuna kosa la sarufi, na walimu wengi wataweka vema bila kusita.

Sasa futa maneno "Maji Maji" uweke vita vya Waherero vya 1904 kule Namibia. Futa tena uweke maasi ya Bambatha ya 1906 kule Natal, au Chimurenga ya 1896 kwa Washona na Wandebele. Ukibadilisha na jina la mkoloni panapohitajika, jibu linabaki lilelile. Kasoro yake ndiyo hiyo. Jibu linalofaa kwa kila vita halijaeleza vita hata kimoja, na aliyeliandika hajatuonyesha kama anajua Maji Maji vilipiganwa wapi wala lini.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha lugha kimepungua. Mwanafunzi anaweza kusema anachokijua bila kupigana na Kiingereza. Kinachobaki kumkwamisha ni mazoea ya kuorodhesha. Ninachodai hapa ni kidogo: kila sababu inayotajwa ipimwe kwa swali moja tu, kwa nini huko na kwa nini wakati huo. Sababu isiyoweza kujibu swali hilo inaelea tu, hata kama yenyewe ni ya kweli.

Tuanze na kodi, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza karibu kila mara. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898. Kwa nyumba ya kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na mwanzoni watu wengi waliruhusiwa kulipa kwa nafaka au kwa kazi, kabla ya serikali kuzidi kudai fedha taslimu. Vita vilianza Julai 1905. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka saba. Mtu akiandika kwamba kodi "ilisababisha" vita, msomaji ana haki ya kuuliza watu walikuwa wakisubiri nini miaka yote hiyo.

Linganisha na Sierra Leone. Huko Waingereza walianza kutoza kodi ya nyumba Januari 1898, na kufikia Februari mwaka huohuo mapigano ya chifu Bai Bureh yalikuwa yamewaka. Kodi, kisha vita, katika muda wa majuma. Kwa Sierra Leone kodi ni sababu ya karibu, na mwanafunzi anaweza kusimama juu yake. Kwetu, kodi ya mwaka uleule ni sababu ya mbali: mzigo uliokuwepo, uliozidi kuuma, lakini ambao peke yake haukuwasha moto. Halafu kodi ilitozwa pia katika maeneo mengi ambayo hayakuinuka kabisa. Kwa hiyo haiwezi kueleza kwa nini kusini-mashariki ndiko kulikowaka.

Hii haina maana kwamba kodi iondolewe kwenye jibu. Ina maana iwekwe mahali pake. Sentensi kama "Kodi ya nyumba, iliyoanza 1898, ilikuwa shinikizo la muda mrefu" ni fupi, ni ya kweli, na inamwonyesha msahihishaji kwamba mwandishi anajua tofauti kati ya kuni na kiberiti.

Ardhi ina tatizo kubwa zaidi. "Kunyang'anywa ardhi" kumekuwa kama chumvi ya majibu ya historia ya ukoloni, kunanyunyizwa popote. Lakini ukitazama ramani, mashamba makubwa ya walowezi wa Kijerumani yalikuwa zaidi kaskazini-mashariki. Usambara, kwa mfano, mashamba ya kahawa ya Wazungu yalianza tangu miaka ya 1890. Usambara haikupigana vita vya Maji Maji. Huko Umatumbi, Ungindo na Ungoni, kulikopiganwa vita, walowezi walikuwa wachache sana. Kama ardhi ingekuwa sababu kuu, vita vingeanza mahali pengine. Hapa mwanafunzi amebeba sababu kutoka kwenye vita vingine, aghalabu vya Waherero, ambako ardhi na mifugo vilikuwa kiini cha ugomvi kweli, akaipandikiza Tanganyika kusini. Reli nayo hufanyiwa hivyohivyo. Ujenzi wa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro ulianza mwaka 1905 wenyewe na haukupita Umatumbi wala Ungoni, lakini utaisoma katika majibu kana kwamba Wamatumbi walikuwa wakibeba mataruma.

Pamba ni habari nyingine, na hapa inafaa tukae kidogo.

Mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, serikali ilianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ikianzia wilaya ya Dar es Salaam. Kila eneo la jumbe lilitakiwa kuwa na shamba lake, na wanaume wa eneo hilo walipangiwa kulilima, kiasi cha siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa baina ya wakulima, jumbe aliyesimamia na chombo kilichoshughulikia uuzaji. Mwaka wa kwanza mkulima wa wilaya ya Dar es Salaam aliambulia kiasi cha senti 35, na wapo waliokataa hata kuzipokea.

Ziweke hizo senti 35 pembeni ya kodi ya rupia 3. Kwa rupia ya senti mia, fedha za kazi ya mwaka mzima zilitosha kulipa kama sehemu moja ya tisa ya kodi ya nyumba. Mtu amepoteza siku zake za kilimo, siku zilezile ambazo shamba lake la chakula lilimhitaji, na bado anadaiwa. Hapo kodi na kazi ya lazima zinaacha kuwa vitu viwili kwenye orodha. Zinashikana: kodi inadai fedha, pamba inakula muda na kuleta fedha kiduchu. Mwanafunzi aliyeandika "kodi, kazi za kulazimishwa" na kuzitenganisha kwa mkato ameliruka jambo ambalo lingempa alama.

Ila kuna mtego, na wanafunzi wazuri ndio hunaswa. Takwimu za siku 28 na senti 35 ni za wilaya ya Dar es Salaam. Vita havikuanzia huko. Vilianzia Umatumbi, katika vilima vilivyo nyuma ya pwani ya Kilwa, ambako chuki ya pamba iliwaelekea maakida na majumbe waliosimamia mashamba kwa viboko, pamoja na walowezi wachache wa pamba. Sehemu za Uzaramo ziliingia vitani baadaye, kwa hiyo ushahidi huo una nafasi yake halali. Lakini anayeandika kwamba "Wamatumbi walilipwa senti 35" amechukua ushahidi wa wilaya moja na kuuvika watu wa wilaya nyingine. Namna salama ni kusema ulikotoka: "katika wilaya ya Dar es Salaam, mpango huo ulipoanzia". Ni maneno machache, na yanaokoa jibu zima.

Pamba inapita mtihani wa "kwa nini huko, kwa nini wakati huo" kuliko sababu nyingine yoyote. Mpango ulianza 1902, ukasambaa kusini katika miaka iliyofuata, na vita vikazuka 1905 katika msimu wa kuchuma. Tena vilizuka shambani kwenyewe. Mwishoni mwa Julai, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa pamba. Waliijua maana ya kitendo hicho, na akida naye aliijua. Kung'oa pamba ya serikali kulikuwa kutangaza vita. Ni nadra sana ushahidi wa sababu na tukio la kwanza kukutana kwenye mche mmoja namna hii, na mwanafunzi anayeuacha ili apate nafasi ya kuandika "ukatili wa Wajerumani" amejinyima mwenyewe.

Nimewataja maakida. Hawa nao huingia kwenye majibu kama "utawala mbaya", maneno yasiyobeba kitu. Akida alikuwa mtumishi wa serikali aliyewekwa juu ya majumbe, mara nyingi mtu wa pwani, si wa ukoo wala kabila la wale aliowasimamia. Alikusanya kodi, alisimamia pamba, aliamua kesi na kuamuru fimbo. Kwa mkulima wa Umatumbi, Mjerumani alikuwa mbali bomani. Akida ndiye aliyekuwa mlangoni. Ndiyo maana wapiganaji wa kwanza walimwendea akida wa Kibata, kisha wakashuka Samanga kwenye maduka ya pwani. Mtiririko huo wa mashambulizi ni ushahidi: waliolengwa mwanzo wanatuambia kilichowaudhi watu. Sijui kwa nini vitabu vya kiada havimfundishi mwanafunzi kuusoma hivyo.

Tuje kwenye maji yenyewe. Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Mwaka 1904 alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo, akaanza kutoa dawa ya maji ambayo, kwa imani iliyoenea, ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu walimiminika Ngarambe, na habari zilisambaa kwa minong'ono iliyoitwa njwiywila. Kwa hiyo maji yalitangulia vita kwa karibu mwaka mzima.

Je, maji ni sababu ya vita? Hapa ndipo majibu mengi yanapoteleza pande mbili. Wengine wanaandika kwamba watu walipigana "kwa sababu ya imani za kishirikina". Hiyo ndiyo hoja waliyoipenda watawala wa Kijerumani, kwa sababu za wazi: vita vikiwa vimechochewa na waganga, basi pamba, kodi na gavana hawana hatia. Wengine, wakikimbia aibu hiyo, wanayaacha maji nje ya jibu kabisa au wanayataja kama jina tu la vita.

Ukweli uko kwenye mpangilio. Malalamiko yalikuwepo kabla ya Kinjeketile. Kilichokuwa hakipo ni njia ya kuwaunganisha watu wasio na mtawala mmoja. Wamatumbi hawakuwa na mfalme, na Wangindo hali kadhalika. Miaka ya nyuma Wajerumani walipigana na watu mmojammoja: vita vya pwani vya Abushiri mwaka 1888 na 1889, kisha Wahehe wa Mkwawa kuanzia Lugalo mwaka 1891 hadi Mkwawa alipojiua 1898. Kila mmoja aliangushwa peke yake. Maji yalivuka mipaka hiyo. Kwa hiyo hayaelezi kwa nini watu walikasirika. Yanaeleza kwa nini safari hii walikasirika pamoja, na kwa nini walithubutu kukabili bunduki. Mwanafunzi anayeandika "maji ya Kinjeketile yaliwaunganisha na kuwatia ujasiri watu waliokuwa tayari na malalamiko" ametenganisha sababu na nyenzo kwa sentensi moja, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika swali hili.

Kinjeketile ndiye pia chanzo cha kosa la mfuatano linalojirudia kuliko yote. Utakuta imeandikwa kwamba aliongoza vita hadi 1907 ndipo akakamatwa na vita vikaisha. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vilikuwa na siku chache tu tangu Nandete. Karibu kila pambano kubwa lilitokea baada ya kifo chake: wamishenari waliokuwa safarini na Askofu Cassian Spiss waliuawa pamoja naye karibu na Liwale tarehe 14 Agosti, boma la Liwale likaanguka mwezi huohuo, Mahenge ikashambuliwa tarehe 30 Agosti, na Septemba vita vikaingia Ungoni. Tarehe hizi hazihitajiki zote kwenye jibu fupi. Lakini anayezijua hawezi kuandika kwamba vita vilitegemea uhai wa mtu mmoja, na hilo tayari linabadilisha anachosema kuhusu sababu. Vita vilivyosambaa baada ya mwanzilishi wa dawa kunyongwa ni vita vilivyokuwa na mizizi mahali pengine.

Ungoni ndiko ninakopenda kuwapima wanafunzi, kwa kuwa ndiko orodha inakovunjika kabisa. Wangoni hawakuwa na mpango wa pamba kama wa pwani. Hawakuwa wakulima wasio na mtawala. Walikuwa na falme mbili, Mshope chini ya Chabruma na Njelu ambako Mputa Gama alikuwa nkosi, yaani mfalme, zikiwa na manduna, viongozi walio chini ya nkosi, na historia ya kivita. Maji yaliwafikia kupitia Omari Kinjala, hongo, yaani mjumbe wa dawa ya maji, aliyetoka Ungindo na kwenda kwa Chabruma.

Basi kwa nini waliingia? Mwaka 1897 Wajerumani waliwaita viongozi wa Kingoni Songea, wakawakamata na kuwalazimisha kukubali utawala mpya. Tangu hapo nguvu za nkosi na manduna ziliporomoka: hawakuweza tena kwenda vitani, kuteka watu, wala kukusanya mapato kama zamani, huku watu wao wakilipishwa kodi na serikali. Kuna pia suala la dini: mmishenari mmoja alichoma kibanda cha mahoka cha Mputa, mahali pa kuheshimia mizimu ya wazee. Misheni ya Peramiho ilipochomwa moto Septemba 1905, haikuwa bahati mbaya. Hapa, na hapa ndipo, "kudharauliwa kwa mila" kunapata mwili. Kuna mwenye kibanda, kuna aliyekichoma, na kuna misheni iliyolipiziwa.

Tunaona basi vita vimoja vyenye angalau seti mbili za sababu. Umatumbi waliinuka wakulima waliochoshwa na pamba na maakida. Ungoni waliinuka watawala waliotaka kurudisha walichopokonywa, wengine wao wakiwa watu ambao majirani zao waliwaogopa zamani. Jibu linalowachanganya wote chini ya "wananchi walichukia ukoloni" linaficha kwamba watu hawa hawakutaka kitu kilekile. Na Wahehe, ambao wengi wangewategemea wawe mbele, hawakujiunga. Walikuwa wamevunjwa miaka saba tu nyuma, na baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani. Kutojiunga kwao nako ni ushahidi: machungu ya kushindwa hayakutosha kumpeleka mtu vitani, na pengine yalimzuia.

Hiyo "hamu ya kupata uhuru" iliyofunga orodha yetu nayo inataka uangalifu. Masimulizi mengi ya wazee kuhusu Maji Maji yalikusanywa na watafiti wa chuo kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, wakati taifa lilikuwa changa na kila mtu alitafuta mizizi ya uhuru wa 1961. Masimulizi hayo ni hazina. Bila hayo tusingejua majina ya waliong'oa pamba Nandete wala neno njwiywila. Lakini mzee aliyesimulia miaka 60 baada ya tukio alisimulia akiwa tayari ameiona TANU. Anapoeleza viboko vya akida na shamba la pamba, anaeleza alichokiona au alichosimuliwa na baba yake. Inapofika kwamba walipigania taifa moja, yafaa tupunguze mwendo. Upande wa pili, taarifa za Wajerumani ziliandikwa papo hapo, zina tarehe na idadi, lakini ziliandikwa na watu waliokuwa na ajira za kulinda. Ushahidi unakuwa mzito pale pande hizi mbili zinapokutana zikiwa na nia tofauti, na zinakutana kwenye pamba. Wazee wameilaumu, na hata kule Ujerumani wakosoaji bungeni waliitaja pamoja na kodi.

Tuandike sasa jibu lenyewe, la aya moja, kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani na dakika kumi mkononi:

"Vita vya Maji Maji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba. Sababu ya karibu ilikuwa kilimo cha lazima cha pamba kilichoanzishwa na serikali mwaka 1902 na kusimamiwa kwa nguvu na maakida na majumbe. Wilayani Dar es Salaam, kilikoanzia, mkulima alipata kiasi cha senti 35 kwa kazi ya mwaka wakati kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3. Kodi hiyo, iliyotozwa tangu 1898, ilikuwa shinikizo la muda mrefu lililofanya kazi isiyo na malipo ya maana izidi kuumiza. Kuanzia 1904 dawa ya maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe iliwaunganisha watu wasio na mtawala mmoja na kuwatia ujasiri. Haikuanzisha malalamiko, ila iliwezesha maasi ya pamoja. Vita vilipofika Ungoni Septemba 1905, sababu ilikuwa tofauti: watawala wa Kingoni walitaka kurudisha mamlaka waliyopoteza tangu 1897, na walikasirishwa na kushambuliwa kwa ibada zao. Hivyo pamba inaeleza vilivyoanza, na siasa za kila eneo zinaeleza vilivyosambaa."

Ni kama maneno 140. Lina sababu nne tu, mbili pungufu ya orodha tuliyoanza nayo, lakini kila moja ina mahali na mwaka, na zinahusiana. Halikutaja ardhi wala reli. Halikutaja ukatili kwa jumla, kwa sababu maneno "kwa nguvu" na "maakida" yamebeba ukatili ule uliohusika hasa. Tena halikuanza na Mkutano wa Berlin. Mikataba ya Karl Peters ya 1884 na Mkutano wa Berlin ni kweli vilitangulia yote haya, lakini kwenye jibu fupi hula mistari mitatu bila kueleza kwa nini Nandete.

Najua walimu watasema nini. Mwongozo wa kusahihisha unataka hoja sita, na mwanafunzi aliyetoa nne zenye kina anakatwa. Ni malalamiko ya haki, na siwezi kumshauri mtoto wa watu ajitoe kafara mbele ya mwongozo. Akilazimika kutoa sita, azitoe, lakini azipange kwa tarehe: 1897, 1898, 1902, 1904, Julai 1905, Septemba 1905. Mpangilio huo peke yake hugeuza orodha kuwa hoja, maana sababu iliyowekwa mahali pake kwenye kalenda inajieleza kama ni ya mbali au ya karibu. Na wanaoandika miongozo wanapaswa kuacha kuhesabu vichwa vya habari. Hoja isiyo na mahali wala mwaka ipewe nusu alama hata ikiwa ya kweli, nayo hoja ya ardhi kwa Maji Maji isipewe kitu bila ushahidi wa eneo lililoinuka.

Kosa la mwisho la mfuatano ni njaa. Majibu kadhaa huitaja njaa kubwa ya kusini kama sababu ya vita. Njaa ile ilikuja na kampeni ya Wajerumani ya kuchoma vijiji na kuharibu mazao na maghala kuanzia mwishoni mwa 1905, ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria kwa vifo vyote yanatofautiana mno, kuanzia 75,000 hadi kati ya 250,000 na 300,000, na sehemu kubwa inahesabiwa kwenye njaa na maradhi. Ni matokeo, na ni mazito mno kuwekwa upande usio wake. Kunyongwa kwa Mputa na viongozi wenzake mjini Songea tarehe 27 Februari 1906, na kwa nduna Songea Mbano siku chache baadaye, nako kuko upande huo wa matokeo.

Lakini kuna tokeo moja ambalo mwanafunzi mjanja anaweza kulirudisha kwenye hoja ya sababu. Gavana Rechenberg, aliyemfuata Götzen mwaka 1906, aliachana na mpango wa mashamba ya pamba ya lazima. Kodi ya nyumba haikuondolewa. Serikali iliyotaka kuepuka vita vingine iliona heri iiache pamba ya lazima kuliko kodi, na hilo linatuambia yenyewe iliona hatari iko wapi. Ushahidi huu una mpaka wake, kwa kuwa Rechenberg alibanwa pia na siasa za Berlin na alikuwa na fikra zake kuhusu kilimo cha Waafrika. Kwa hiyo anayeutumia auweke mwishoni mwa jibu, na aseme wazi kuwa ni wa baada ya vita.